Kazi Imekwisha, Kumbukumbu Ibaki

Pampu ya mkono inapoharibika kijijini, habari humfikia katibu wa jumuiya ya watumia maji siku hiyohiyo, na mara nyingi pamoja na lawama. Katibu huandika: kisima cha pili, maji hayatoki. Fundi huitwa, hufungua pampu, hubadilisha kipuri, maji hutoka. Katibu hukata mstari kwenye daftari, au kama orodha yake iko kwenye simu, huifuta kazi hiyo abaki na zile ambazo bado. Baada ya mwaka orodha ni safi, na hakuna mtu yeyote kijijini anayeweza kusema kisima cha pili kimetengenezwa mara ngapi.

Kwa katibu hilo linaonekana jambo la busara. Orodha ya kazi ipo ili kumkumbusha yaliyobaki, na yaliyokwisha yakiachwa humo humchanganya. Tatizo ni kwamba kazi ikishakamilika hubadilika kuwa kitu kingine. Jana ilikuwa agizo kwa fundi. Leo ni ushahidi wa hali ya kisima, wa fedha zilizotumika na wa makubaliano kati ya jumuiya na fundi. Agizo limekwisha muda wake, lakini ushahidi ndio kwanza unaanza kuwa na faida. Ndiyo maana swali la kazi iliyokamilika ikae muda gani haliwezi kujibiwa kwa kuangalia kama orodha imejaa. Hujibiwa kwa kuuliza ni swali gani la mwisho ambalo kazi hiyo inaweza kuja kulijibu.

Kisima kinachokula sili

Tuchukue mfano wa kijiji chenye visima vitatu, vyote vina pampu za Afridev. Ni pampu inayofahamika sana Afrika Mashariki. Majaribio yake yalifanyika Kenya, Kwale ikiwamo, katika miaka ya 1980, kwa lengo kwamba wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza. Pistoni na valvu yake ya chini huvutwa juu bila kung'oa bomba zima. Sehemu inayochakaa upesi ni sili ya pistoni, yaani pira dogo linalozuia maji yasirudi chini wakati mpini unapoinuliwa na kushushwa. Kwa kawaida sili hubadilishwa mara moja kwa mwaka.

Katibu wa kijiji hiki hafuti. Kila kazi inayokwisha huipa alama ya kukamilika, kisha huihamishia kwenye daftari la kumbukumbu. Mwezi wa Agosti 2023 kisima cha pili kinagoma tena. Kabla ya kumpigia fundi, katibu anatafuta kazi zote za kisima hicho, na anapata hizi:

- Machi 2021: maji yanatoka kidogo, sili imebadilishwa.
- Aprili 2022: maji yanatoka kidogo, sili imebadilishwa.
- Desemba 2022: maji hayatoki, sili imebadilishwa, mchanga kidogo ndani ya silinda.
- Mei 2023: maji hayatoki, sili imebadilishwa, mchanga ndani ya silinda.
- Agosti 2023: maji hayatoki.

Kila moja ya kazi hizo, ikitazamwa peke yake, ni kazi ya kawaida iliyofanywa vizuri. Sili ilichakaa, fundi akaibadilisha, maji yakatoka. Lakini zikiwekwa pamoja zinasema jambo ambalo hakuna hata moja inayolisema. Sili ya kwanza ilidumu miezi 13, iliyofuata miezi 8, kisha 5, kisha 3. Muda unafupika kila mara, na mchanga umeanza kutajwa. Sili haichakai hivyo kwa uzee. Inasagwa na mchanga unaoingia kisimani, na kila sili mpya itakayowekwa itasagwa vivyo hivyo.

Hapo fundi makini atauliza swali la pili: je, pengine sili zenyewe ni hafifu? Swali hili nalo hujibiwa na kazi zilizokwisha, safari hii za visima vingine. Daftari linaonyesha kuwa kisima cha kwanza na cha tatu viliwekewa sili kutoka duka lilelile, katika miezi ileile, na bado vinafanya kazi vizuri. Basi sili si tatizo. Kama duka lililouza lisingeandikwa, ulinganisho huu usingewezekana, na jumuiya ingeweza kupoteza mwaka mwingine ikibadilisha maduka.

Sasa pampu inang'olewa pamoja na bomba lake, na kamba yenye uzito inashushwa hadi chini. Inagonga chini kwenye mita 38.5. Kipimo hicho peke yake hakina maana yoyote. Kinapata maana pale tu kinapowekwa kando ya karatasi ya mchimbaji, iliyoandikwa siku kisima kilipochimbwa, inayosema kilikuwa na mita 42. Mita tatu na nusu zimejaa mchanga. Sasa jumuiya inajua la kufanya: kisima kisafishwe kwa kompresa, kisha kipimwe tena baada ya miezi michache. Mchanga ukirudi haraka, yaelekea bomba la ukuta wa kisima limepasuka au chujio lake limeharibika, na fedha zinazowekwa kwenye sili ni za kutupwa.

Kumbukumbu hizi hazikutoa uamuzi zenyewe. Zilitoa shaka yenye msingi, na zikaonyesha mahali pa kupima. Bila hizo, fundi angefika kwa mara ya tano, akaona sili iliyosagwa, na akafanya kile ambacho mtu yeyote mwaminifu angefanya: angebadilisha sili.

Kuhifadhi na kufuta

Watu wengi huchanganya mambo mawili kwa sababu kwenye skrini yote huanza sawa: kitu kinaondoka mbele ya macho. Kuhifadhi ni kuiondoa kazi kwenye orodha ya leo na kuiweka mahali pengine inapoweza kutafutwa na kurudishwa. Kufuta ni kuiondoa isiwepo tena. Anayetumia WhatsApp amekwisha kuiona tofauti hiyo. Mazungumzo yaliyohifadhiwa huondoka kwenye orodha kuu, lakini ukiyatafuta utayakuta na ujumbe wake wote. Yaliyofutwa ni mengine kabisa.

Shida ya orodha iliyojaa huondolewa na kuhifadhi peke yake. Katibu aliyetaka nafasi ya kuona kazi zilizobaki hakuhitaji kufuta chochote. Alihitaji kurasa mbili, moja ya kazi zinazoendelea na nyingine ya zilizokwisha. Kwenye jedwali la kompyuta hata kurasa mbili si lazima. Safu moja ya hali ya kazi inatosha: inasubiri, inaendelea, imekamilika. Ukichuja zilizokamilika zisionekane, orodha inabaki fupi na hakuna kilichopotea.

Lakini kazi isihamishwe siku ileile inapotangazwa kuwa imekwisha. Matengenezo ya pampu hujulikana kuwa yamefaulu baada ya watu kuitumia kwa siku kadhaa. Utaratibu unaofaa kwa jumuiya ndogo ni kuiacha kazi kwenye orodha kuu kwa siku 30 ikiwa na alama ya kukamilika. Tatizo lilelile likirudi ndani ya muda huo, kazi ileile hufunguliwa tena kwa namba yake ya zamani, kwa sababu kwa kweli haikuwa imekwisha. Likirudi baada ya hapo, hupewa namba mpya, na namba ya zamani hutajwa ndani yake. Hivyo mtu anayesoma baadaye anaweza kufuata mnyororo mzima bila kumtegemea mtu anayekumbuka.

Kuhifadhi kuna sharti moja. Kazi ihifadhiwe ikiwa imejaa. Mstari unaosema "kisima cha pili, imekamilika" ni kumbukumbu kwa jina tu. Kabla ya kuifunga kazi, katibu aandike tarehe ya taarifa na tarehe ya matengenezo, dalili iliyoripotiwa, kile fundi alichokikuta ndani, kipuri kilichobadilishwa na duka kilikonunuliwa, gharama, na jina la fundi. Katika mfano wetu, neno lililookoa fedha za kijiji ni "mchanga", na fundi aliliandika wakati ambapo halikuonekana kuwa na uzito wowote.

Miaka mingapi?

Hakuna muda mmoja unaofaa kwa kila kitu kilichomo ndani ya kazi moja. Kazi moja ya kubadilisha sili ina mambo matatu: habari za kisima, habari za fedha na habari za watu. Kila moja ina muda wake.

Habari za fedha, yaani risiti, hati za malipo na makubaliano na fundi, zinapimwa kwa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka anayehusika kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka huohuo nayo inasema miaka 5. Lakini deni na mkataba vina muda mrefu kidogo: katika nchi zote mbili, madai yanayotokana na mkataba yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6. Anayeteketeza hati zake mwaka wa tano ukiisha anaweza kujikuta mwaka wa sita akidaiwa malipo aliyokwisha kuyafanya, akiwa hana cha kuonyesha. Kwa hiyo jumuiya ikiamua kutunza hati za fedha kwa miaka 7, ikihesabu tangu mwisho wa mwaka wa fedha husika, itakuwa imeivuka mipaka yote miwili na kubaki na nafasi kidogo ya usalama.

Habari za kisima hazina uhusiano na kodi. Muda wake ni uhai wa kisima chenyewe. Karatasi ya mchimbaji yenye kina, aina ya miamba iliyopitiwa, mahali yalipowekwa machujio, kiwango cha maji na matokeo ya jaribio la kusukuma maji, itunzwe maadamu kisima kipo, na hata baada ya kufungwa kwake, kwa sababu atakayechimba kingine jirani ataihitaji. Historia ya matengenezo ifuatane nayo. Usafishaji uliofanyika miaka 12 iliyopita bado una la kumwambia fundi wa leo, ingawa risiti yake haina kazi tena. Hapa ndipo ofisi nyingi hukosea: sheria ya miaka 5 ya karatasi za fedha hutumika kwa kila kilichomo kabatini, na historia ya kisima hutupwa pamoja na risiti za mafuta ya pikipiki.

Habari za watu zinakwenda kinyume chake. Namba ya simu ya mama aliyeripoti kuwa pampu haitoi maji ilihitajika ili apigiwe akiulizwa dalili, kisha apewe habari kuwa imetengenezwa. Baada ya hapo haina kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinataka taarifa za mtu zisitunzwe kupita muda wa haja iliyozikusanya. Kwa hiyo kazi inapohamia kwenye kumbukumbu, namba hiyo ifutwe na habari ya kisima ibaki. Kufuta kuna mahali pake halali, na mahali pake ni hapa.

Jinsi zinavyopotea bila mtu kuamua

Kumbukumbu nyingi hazifutwi na mtu aliyekaa akafikiri. Hupotea pembeni ya shughuli nyingine.

Risiti za mashine ni mfano ulio wazi. Karatasi yake haichapwi kwa wino. Ina dawa inayogeuka nyeusi inapopata joto, na dawa hiyohiyo huendelea kuathiriwa na jua, joto, mafuta ya mikononi na hata baadhi ya mifuko ya plastiki. Risiti iliyofungwa kwa uangalifu ndani ya faili inaweza kuwa karatasi nyeupe kabla hata mkaguzi hajafika. Aliyeitunza hakufanya uzembe wowote, ila hakujua kuwa karatasi hiyo haikutengenezwa idumu. Dawa yake ni kuipiga picha au kuitoa nakala wiki ileile, na kuandika namba ya kazi juu ya nakala hiyo.

Mfano wa pili ni kundi la WhatsApp la kamati. Fundi anatuma picha ya silinda yenye mchanga, mweka hazina anatuma uthibitisho wa malipo, mwenyekiti anaidhinisha ununuzi. Kundi hilo linaweza kuwekwa kwenye mpangilio wa ujumbe kujifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na mtu aliyeuweka pengine alitaka tu kuokoa nafasi ya simu. Miezi mitatu baadaye idhini, picha na uthibitisho vimeondoka vyote, bila kikao wala mjadala. Kundi la mazungumzo linafaa kwa kupashana habari. Kile kitakachohitajika baadaye kihamishwe siku hiyohiyo kwenda kwenye kumbukumbu ya kazi.

Wa tatu ni mstari unaoandikiwa juu. Katibu anachukua kazi ya zamani kwenye jedwali, anabadilisha tarehe na kuitumia kwa tatizo jipya kwa sababu kisima ni kilekile. Hakuna kilichofutwa, lakini kazi ya zamani haipo tena. Katika mfano wetu, mistari mitano ya kisima cha pili ingekuwa mmoja, wenye tarehe ya Agosti 2023.

Kuna njia rahisi ya kugundua upotevu wa namna hizi zote: namba za kazi zifuatane na namba isitumike mara mbili. Kazi ya kwanza ya mwaka iwe 2023/01, inayofuata 2023/02, hata kama ni ya kisima kingine, na hata kazi iliyoghairiwa ibaki na namba yake pamoja na sababu ya kughairiwa. Mkaguzi akikuta 2023/14 inafuatwa na 2023/17, hahitaji kumshuku mtu. Anajua kuna kazi mbili za kuulizia. Mahali pasipo na namba, kilichoondoka hakiachi pengo.

Kufuta kwa utaratibu

Haifai pia kutunza kila kitu milele. Kabati lililojaa nukuu za bei ambazo hazikukubaliwa, picha kumi za pampu moja na rasimu za barua hufanya karatasi ya mchimbaji isionekane. Vitu hivyo viondolewe, ila viondolewe kwa uamuzi.

Mara moja kwa mwaka, baada ya hesabu kukaguliwa, katibu aandae orodha ya vilivyotimiza muda wake, akitaja aina yake na mwaka wake: hati za malipo za 2016, nukuu za bei zisizokubaliwa za 2022, na kadhalika. Orodha ipite kwa mweka hazina na mwenyekiti, na kila mmoja ajibu swali moja: kuna mgogoro, ukaguzi au kesi yoyote inayogusa hati hizi? Kama ipo, hati hizo zisiguswe hadi ushughulikiwe mpaka mwisho, hata kama muda wake umepita. Kama haipo, wote watie sahihi, hati ziteketezwe, na orodha yenyewe ya vilivyoteketezwa itunzwe siku zote. Ni karatasi moja au mbili kwa mwaka. Lakini siku mtu atakapouliza hati ya 2016 iko wapi, jumuiya itajibu kwa tarehe, sababu na sahihi. Pasipo karatasi hiyo, hati iliyoteketezwa kihalali na hati iliyofichwa hazitofautiki, na kiongozi mwaminifu hana namna ya kujitetea.

Hatari kubwa zaidi huja wakati wa uchaguzi. Kamati ya zamani inaondoka, na mara nyingi jedwali liko kwenye simu ya katibu anayeondoka, daftari liko nyumbani kwake, na karatasi ya mchimbaji haijulikani iliko. Makabidhiano huhesabu fedha, spana na sili zilizobaki stoo, kisha watu hushikana mikono. Yahesabu na kumbukumbu pia. Kamati mpya ipokee daftari la kazi lenye namba ya kwanza na ya mwisho, karatasi ya mchimbaji ya kila kisima, hati za fedha za miaka inayotakiwa na orodha za uteketezaji, na isitie sahihi kabla ya kuona mapengo yote yameelezwa. Nakala ya karatasi ya mchimbaji ipelekwe pia ofisi ya maji ya wilaya. Kwa Tanzania vijijini, hiyo ni RUWASA.

Kwa jumuiya ambayo imekuwa ikifuta miaka yote, yaliyopotea hayarudi, lakini mengine yako karibu. Mchimbaji anaweza kuwa na nakala, duka la vipuri lina vitabu vyake vya mauzo, na fundi wa zamani bado anakumbuka ni kisima gani kilimsumbua. Yaandikwe sasa, kila moja ikitajwa kuwa imetoka kwa nani na imeandikwa lini, ili msomaji wa baadaye ajue lipi lilipimwa na lipi lilisimuliwa. Kisha kazi itakayokwisha kesho ipewe namba, ijazwe, na ihamishwe badala ya kufutwa. Kwa kisima kinachoingiza mchanga, kazi tatu au nne zilizoandikwa hivyo zinatosha kuanza kuonyesha tatizo liko wapi.